Nguzo ndefu siyo saa ya kuuza wali

Mama lishe anayepikia maofisi ya Posta, Dar es Salaam, akifungua takwimu za ukurasa wake wa Instagram, huenda akakuta wafuasi wake wamejaa zaidi usiku. Watu wametoka kazini, wameshika simu. Akifuata nguzo hiyo ndefu na kutangaza wali kuku saa 3 usiku, atapata mioyo mingi na oda chache. Aliyekwisha kula hawazi chakula cha kesho mchana.

Takwimu hizo zipo kwenye akaunti ya biashara, si ya kawaida. Anaingia Insights, kisha sehemu ya wafuasi, halafu Most active times. Kila siku ya wiki ina nguzo zake za saa tatu tatu. Alama zake huhesabiwa tangu usiku wa manane, hivyo 9a ni saa 3 asubuhi na 12p ni saa 6 mchana.

Kabla ya kutazama nguzo, aanzie kwenye sahani na kurudi nyuma. Tuseme wateja wanakula saa 7 mchana. Kufungasha na kupeleka kunachukua saa nzima, kwa hiyo oda zifungwe saa 6. Mteja naye anahitaji muda wa kuona picha, kuulizana na wenzake na kutuma pesa. Dirisha lake basi ni kati ya saa 2 na saa 5 asubuhi, na nguzo zinazomhusu ni mbili tu: 6a na 9a.

Ikiwa 9a ndiyo ndefu, bado ni saa tatu nzima. Hapo ajaribu. Jumanne na Alhamisi ya wiki ya kwanza atangaze saa 3:15, wiki ya pili saa 4:30, chakula kilekile, bei ileile. Kila oda aiandike daftarini pamoja na saa ilipoingia, na amuulize mteja ameona wapi tangazo. Oda 9 dhidi ya 16 ni tofauti ya kufuatilia kwa wiki mbili nyingine. Oda 11 dhidi ya 12 haisemi kitu, kwani mvua au mwisho wa mwezi vinatosha kuileta.

Aangalie pia Top locations, panapoonesha miji ya wafuasi. Kama wengi wako Mwanza au Dubai, wananyanyua nguzo lakini hawatanunua sahani ya Posta. Katika hali hiyo daftari la oda liaminiwe kuliko grafu.

Ramadhani ikiingia, hesabu ianze upya. Wateja wengi hawali mchana, na anayegeukia futari atarudi nyuma kutoka Magharibi: oda zifungwe alasiri, tangazo litoke mchana, na nguzo ya kusomwa iwe 12p.