Bei ya Mvinyo Mgahawani: Hesabu Iliyo Nyuma ya Menyu

Msimu wa mahafali ukifika, wengi wetu tunaingia kwenye migahawa ambayo siku za kawaida tunaipita tu kwa nje. Weita anakuletea orodha ya mvinyo, anasimama pembeni na kalamu, na ghafla bumu lote linaanza kukuzunguka kichwani. Ukijua ile bei imepatikanaje, presha inapungua sana.

Mgahawa hununua chupa kwa bei ya jumla, halafu huizidisha. Mara mbili hadi tatu ni kawaida, na hoteli kubwa huweza kwenda mara nne. Huo si wizi mtupu. Ndani yake kuna kodi ya jengo, mishahara, glasi zinazovunjika, na chupa zilizofunguliwa zikaharibika kabla hazijaisha. Pia faida ya chakula huwa ndogo, kwa hiyo vinywaji ndivyo vinavyobeba jiko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chupa imenunuliwa kwa shilingi 20,000 na inauzwa 60,000, yaani mara tatu. Glasi moja ya mvinyo huohuo ni 15,000. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano za mililita 150, kwa hiyo ikiuzwa kwa glasi inaingiza 75,000. Mkiwa wanne na kila mtu akaagiza glasi moja, mmeshalipa 60,000, bei ya chupa nzima, na glasi ya tano mmeiacha kaunta. Lakini mkiwa wawili mnaotaka glasi moja moja, chupa ni hasara hata kama "kwa glasi ni ghali". Uliza kwanza glasi yao ni mililita ngapi, maana wengine humimina 125, na hapo hesabu inabadilika. Uliza pia chupa imefunguliwa lini. Iliyokaa wazi siku tatu kaunta huwa imeshapoteza ladha.

Sasa, chupa ipi? Kuna imani ya mtaani kwamba ya pili kwa bei nafuu ndiyo mtego, kwa sababu wateja wanaoogopa kuonekana bahili huikimbilia. Wachumi David de Meza na Vikram Pathania waliichunguza hoja hiyo kwenye orodha za migahawa ya London, wakakuta si kweli: ongezeko kubwa zaidi kwa asilimia lilikuwa kwenye chupa za katikati. London si Dar wala Nairobi, lakini funzo linafaa: kuagiza chupa ya chini kabisa, au inayofuata, si ushamba.

Njia rahisi ya kupima mgahawa ni kutafuta kwenye orodha mvinyo mmoja ambao bei yake ya supamaketi unaijua, kwa mfano wa Dodoma unaouzwa kila mahali. Ukikuta ni kama mara mbili ya dukani, hapo ni kawaida. Ukikuta mara nne, jua na zilizobaki zimepandishwa hivyohivyo, agiza bia au soda, maisha yaendelee. Soma pia maandishi madogo chini ya menyu: kama VAT na ada ya huduma zinaongezwa juu, 60,000 yako haitabaki 60,000.

Kuhusu weita, kumbuka mara nyingi anaijua orodha kuliko wewe, kwa hiyo mtumie. Huna haja ya kutamka bajeti mbele ya mgeni wako. Weka kidole kwenye bei unayoimudu, siyo kwenye jina, useme: "Kaka, tunakula samaki, nataka kitu cha aina hii." Atakuelewa. Akipendekeza chupa nyingine, mwambie, "Naomba unionyeshe kwenye orodha." Hapo utaiona bei kabla ya kukubali. Ikiwa kubwa, "Hapana dada, tutabaki na hii" inatosha. Haihitaji maelezo wala kuomba radhi.

Chupa ikija, soma lebo kabla haijafunguliwa: jina na mwaka viwe vile ulivyoagiza. Kisha atakumiminia kidogo uonje. Hapo hakuulizi kama umeupenda, bali kama umeharibika. Nusa tu. Ukisikia harufu ya boksi lililolowa au siki, mwambie, na mgahawa mzuri utakubadilishia. "Mchachu kwangu" si sababu ya kurudisha.

La mwisho ni ule mkono wa kujazajaza. Weita akiongeza kila mnapopiga funda, chupa inaisha kabla samaki hajafika, kisha linakuja swali la "Niongeze nyingine?" Mwambie mapema: "Acha tu hapa, tutajimiminia wenyewe."