Stesheni moja, mahali pawili: kivuli ndani ya redio yako

Unatafuta stesheni kwenye mawimbi mafupi. Kwenye kilohezi 15,400 unasikia taarifa ya habari kwa sauti safi. Unarudisha mshale hadi 14,490, na msomaji yuleyule anasikika tena, safari hii kwa unyonge. Hakuna mtambo unaorusha matangazo hayo kwenye 14,490. Unachosikia ni kivuli, na kimezaliwa ndani ya redio yenyewe.

Chanzo chake ni mbinu aliyoibuni mhandisi Mmarekani Edwin Armstrong mwaka 1918, iitwayo superheterodaini. Kwenye mawimbi mafupi stesheni hupangwa kila baada ya kilohezi 5. Kutenga kipande chembamba hivyo kati ya kilohezi 15,000 ni kazi ngumu, na ni ngumu zaidi ikiwa kichujio chenyewe kinatakiwa kuhama kila unapobadili stesheni. Armstrong alipindua kazi: kichujio kikae palepale, stesheni ndiyo iletwe kwake.

Redio hutengeneza wimbi lake la ndani na kulichanganya na lile linaloingia kutoka kwenye antena. Mchanganyiko huo huzaa wimbi jipya ambalo masafa yake ni tofauti ya hayo mawili. Katika redio nyingi tofauti hiyo ni kilohezi 455, na ndiyo huitwa masafa ya kati. Ukiweka mshale kwenye 15,400, wimbi la ndani huwa 15,855. Ukihamia 9,600, nalo huhamia 10,055. Tofauti haibadiliki, hivyo kichujio na vikuza mawimbi vya hatua hiyo hurekebishwa mara moja tu, kiwandani.

Ila hesabu ya kutoa haijui upande. Mshale ukiwa 14,490, wimbi la ndani ni 14,945. Stesheni ya 15,400 iko juu ya wimbi hilo kwa 455 zilezile, nayo hupita kama mwenyeji. Ndiyo maana kivuli hukaa kilohezi 910 kutoka kwenye stesheni halisi, yaani mara mbili ya 455.

Kikishavuka hatua ya kuchanganya, hakitenganishiki tena. Sharti kizuiwe mlangoni, kwenye saketi ya antena. Kwenye mawimbi ya kati, 910 ni pengo kubwa na kivuli huzuiwa kirahisi. Karibu na 15,000 ni asilimia 6 tu, na saketi ya redio ya bei nafuu hulegea.

Mbona basi masafa ya kati yasipandishwe? Kivuli kingekwenda mbali, lakini kutenganisha stesheni jirani kungekuwa kugumu tena. Redio bora hubadilisha mara mbili: kwanza hadi masafa ya juu, mfano kilohezi 10,700, ili kukimbia kivuli, kisha hushuka hadi 455 kuchuja majirani.

Kwa hiyo ukisikia stesheni mara mbili, toa namba ndogo kwenye kubwa. Ukipata 910, stesheni halisi ni ile ya juu.