Mgonjwa Mwenye Sonona Anapokataa Matibabu

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 57 ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa sababu ya kisukari. Madaktari wamemshauri asafishwe damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara. Amekataa. Tangu afiwe na mumewe hapati usingizi, hali vizuri, na daktari wa magonjwa ya akili amethibitisha kuwa ana sonona. Mwanawe anawasihi madaktari wasimsikilize: "Hayo si maneno ya mama, ni ugonjwa unaosema."

Huenda mtoto yuko sahihi, huenda amekosea. Sonona peke yake haimwondolei mtu haki ya kukataa tiba. Hata dodoso la PHQ-9, lenye alama 0 hadi 27, hupima ukali wa dalili tu. Kinachotakiwa ni kupima kama mama huyu, leo, anaweza kufanya uamuzi huu mmoja.

Kabla ya hapo daktari ahakikishe akili haijavurugwa na uchafu ambao figo zimeshindwa kuuondoa kwenye damu. Amwombe ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Akipotea njiani, au akiwa makini asubuhi na jioni amechanganyikiwa, hilo litibiwe kwanza.

Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Paul Appelbaum na Thomas Grisso, walieleza uwezo wa aina nne ambao hadi leo ndio msingi wa upimaji huu. Kila mmoja hupimwa peke yake na kuandikwa peke yake kwenye faili, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Wa kwanza ni kueleza chaguo. Mama ameulizwa leo na kesho yake, na jibu ni lilelile: hataki mashine. Uwezo huo anao.

Wa pili ni kuelewa. Daktari anamweleza kwa lugha nyepesi, kisha anamwomba arudie kwa maneno yake. Anajibu: "Figo zangu zimekufa. Mashine itasafisha damu. Nisipoikubali nitakufa baada ya muda mfupi." Huo pia anao.

Wa tatu ni kutambua kwamba mambo hayo yanamhusu yeye, na hapa ndipo sonona hujificha mara nyingi. Daktari anauliza: "Wewe binafsi, unadhani mashine itakusaidia?" Mama anajibu: "Inasaidia wengine. Mimi haiwezi kunisaidia. Nilimwacha mume wangu akafa, na hii ndiyo adhabu yangu." Anaelewa tiba, ila haamini kwamba inaweza kumfaa yeye, na sababu yake ni hatia iliyozaliwa na ugonjwa.

Wa nne ni kupima sababu, yaani kulinganisha njia zilizopo kwa kufuata yale anayoyathamini. Akiulizwa kuhusu wajukuu aliokuwa akiwalea, anasema hakuna haja ya kufikiria chochote, anastahili kufa. Hapo hakuna mizani.

Daktari akiandika tu "mgonjwa ana sonona, hana uwezo", anayesoma faili hajui amefikaje hapo. Akiandika kila uwezo na jibu lake, hitimisho linaonekana wazi: kwa sasa hawezi kufanya uamuzi huu, kwa kuwa uwezo wa tatu na wa nne umeyumba. Sonona itibiwe, na apimwe tena. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na figo huenda zisisubiri. Kwa hiyo katika kipindi hicho familia na madaktari huamua kwa kufuata sheria ya nchi na yale mama aliyoyathamini kabla hajaugua. Wanaweza kukubaliana mashine ijaribiwe kwa muda maalumu.

Tuseme mama ametibiwa, na amesafishwa damu kwa wiki 8. Bado ana huzuni, lakini anakula na anapokea wageni. Anasema: "Najua mashine ndiyo imenifikisha leo. Nikiiacha nitakufa. Lakini kila nikitoka pale nalala siku nzima, na safari ya hospitali inanimaliza. Siku zilizobaki nataka niwe nyumbani na wajukuu." Jibu bado ni kukataa, ila sasa anatambua kwamba tiba inamsaidia, na sababu zake zinashikana na maisha anayoyapenda. Uwezo wote wanne upo. Uamuzi wake unapaswa kuheshimiwa, na huduma ya kumpunguzia maumivu na kichefuchefu iandaliwe, hata kama mwanawe analia.

Mgonjwa wenu akikataa tiba, msiulize tu kama ana sonona. Mwombeni daktari awaonyeshe ni uwezo upi kati ya hiyo minne umepungua, mgonjwa alisema nini, na atapimwa tena lini.