Mita 400, kijiji hadi kijiji

Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo kinachoeleweka na kila mtu: kaya ya mbali kabisa kijijini isitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kwa mtaalamu wa ramani katika ofisi ya maji ya wilaya, sentensi hiyo ni kazi ya kompyuta inayojirudia. Kila vituo vikikaguliwa upya, kila vingine vikiharibika, swali hurudi mezani: ni nyumba ngapi katika kila kijiji ziko nje ya mita 400?

Kwa QGIS, programu ya bure ya kuchora na kuchambua ramani, jibu hupatikana kwa mkono bila shida kubwa. Mtaalamu huchuja vituo vinavyofanya kazi, huchora duara la mita 400 kuzunguka kila kimoja, huondoa nyumba zilizomo ndani ya maduara, kisha huhesabu zilizobaki kijiji kwa kijiji. Shida huja anapokwenda likizo. Anayemshika mkono anakuta faili kumi na mbili zenye majina kama "nyumba_mpya2", na hajui ipi ilizaa ipi.

Dawa yake imo ndani ya QGIS yenyewe tangu toleo la 2.0 la mwaka 2013: ukumbi wa kuchora modeli, unaoitwa Model Designer katika matoleo ya sasa. Humo haiandikwi hata herufi moja ya msimbo. Upande mmoja wa skrini kuna aina za pembejeo, yaani vitu ambavyo mtumiaji ataulizwa kabla ya kazi kuanza. Kuna pia orodha ya kazi zilezile zinazopatikana katika Processing Toolbox. Kila kinachovutwa katikati huwa kisanduku, na mishale huonyesha tokeo la kazi gani linaingia katika kazi gani. Mahali kisanduku kilipokaa hapabadilishi kitu. QGIS hufuata mishale.

Modeli ya mita 400 inahitaji visanduku saba vya kazi. Kwa upande wa maji, Extract by attribute huchuja vituo vizima, Reproject layer huvihamishia kwenye vipimo vya mita, na Buffer huchora maduara na kuyaunganisha. Kwa upande wa nyumba, Fix geometries hurekebisha michoro iliyojikata yenyewe, na Centroids huigeuza kila nyumba kuwa nukta moja. Pande hizo mbili hukutana katika Extract by location, ambayo ikiwekewa sharti la `disjoint` hubakiza nukta zisizogusa duara lolote. Mwisho, Count points in polygon huhesabu nukta hizo ndani ya mipaka ya kila kijiji. Tokeo la kisanduku hiki cha mwisho tu ndilo hupewa jina. Yale ya katikati yakiachwa bila jina, hayaongezwi kwenye ramani ya mtumiaji, na zile faili kumi na mbili hazizaliwi tena.

Mpaka hapo kazi ni nyepesi. Ugumu uko katika kuamua nini kiulizwe na nini kifungwe ndani.

Matabaka matatu, yaani vituo, nyumba na mipaka, lazima yaulizwe. Anayeandika njia ya faili ya kompyuta yake ndani ya modeli amejitengenezea yeye peke yake. Umbali nao uulizwe, mita 400 zikiwa tayari zimejazwa. Hapa kuna mtego mdogo: pembejeo ya aina ya Distance ikifungamanishwa na tabaka lililo katika EPSG:4326, linalopimwa kwa digrii, dirisha litamwonyesha mtumiaji digrii hata kama modeli itabadilisha vipimo mbele ya safari. Ni afadhali kutumia pembejeo ya aina ya Number na kuiita wazi "Umbali kwa mita". Na hatua ya Reproject layer isirukwe kamwe, kwa maana Buffer hupokea namba tu: 400 juu ya tabaka la digrii ni digrii 400, duara linalofunika dunia nzima na kuzidi. Kosa hilo angalau huonekana.

Kuna lisiloonekana. Tanzania Bara imegawanyika katika kanda tatu za UTM. Dar es Salaam na Arusha ziko kanda ya 37, Mwanza na Dodoma kanda ya 36, Kigoma kanda ya 35. Modeli iliyotengenezwa Dar es Salaam na kufungiwa EPSG:32737 ikipelekwa Kigoma itafanya kazi bila kulalamika. Lakini Kigoma iko mbali mno na mstari wa kati wa kanda hiyo, kwa hiyo mita 400 za ramani zitakuwa kama mita 395 za ardhini. Ni tofauti ndogo, ila huihesabia vibaya nyumba iliyo ukingoni, na hakuna onyo. Kanda nayo basi iwe pembejeo.

Duara lenyewe pia si duara kamili. Kwa kawaida Buffer huchora robo ya duara kwa vipande vitano vilivyonyooka, na katikati ya kila kipande umbali hupungua hadi mita 395 hivi. Vipande vikiwekwa 30, upungufu hushuka chini ya sentimita 20. Namba hii haina haja ya kuulizwa, ifungwe ndani.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye kuchuja. Tuseme modeli inatafuta neno "inafanya kazi", na mkaguzi wa wilaya nyingine ameandika "Inafanya kazi" kwa herufi kubwa. Hakuna kituo kitakachopita. Hakutakuwa na maduara, kila nyumba itabaki nje, na modeli itamaliza salama ikitangaza kwamba wilaya nzima haina maji karibu. Kwa sababu hiyo jina la safu ya hali na neno lenyewe huwekwa kama pembejeo mbili. Maelezo mafupi huandikwa katika Edit Model Help, ili mwenzake ayasome palepale dirishani. Kabla ya kuigawa, modeli huendeshwa kwa takwimu za ukaguzi uliopita na namba zake kulinganishwa na zile zilizopatikana kwa mkono.

Mpangilio wa hatua nao una siri yake. Wengi hukata vituo kwa mpaka wa wilaya kwanza ili kazi iwe nyepesi, wakampoteza mama anayechota maji ng'ambo ya mpaka, hatua 100 kutoka mlangoni kwake. Vituo vya jirani viachwe viingie.

Modeli iliyokamilika ni faili moja yenye kiishio `.model3`, inayotoshea kwenye barua pepe. Anayeipokea huiingiza kwa Add Model to Toolbox, nayo hukaa pamoja na zana nyingine. Akiwa na wilaya tano, huchagua Run as Batch Process na kujaza mstari mmoja kwa kila wilaya. Akiwa na toleo la zamani la QGIS, huenda kisanduku kimoja kikakataa, kwa hiyo ni vyema toleo litajwe kwenye maelezo.

Hata hivyo modeli hii hupima mstari ulionyooka, kana kwamba watu huruka. Penye korongo au mto usio na daraja, mita 400 za ramani zaweza kuwa mwendo wa kilomita. QGIS inayo kazi ya Service area inayofuata barabara na njia za miguu, lakini hutoa mistari ya njia badala ya eneo. Anayetaka kuitumia mahali pa Buffer itambidi abadili na kisanduku kinachofuata, na awe na ramani ya vichochoro ambayo vijiji vingi bado havijachorewa.