Simu inachaji lakini asilimia inashuka: Ni jua au ni mashimo ya barabara?

Holda za gari zinazochaji simu bila waya zimejaa mtaani, na malalamiko ni yale yale. Umeweka simu, alama ya kuchaji inaonekana, lakini ukifika unakuta betri iko chini kuliko ulipotoka. Wengi hukimbilia kusema holda ni feki. Mara nyingi shida ni moja kati ya mbili, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza elewa mtambo. Ndani ya holda kuna koili, yaani waya uliozungushwa kama chapati. Nyuma ya simu yako kuna nyingine. Umeme unaruka kutoka koili moja hadi nyingine kwa nguvu ya sumaku, na sharti ni zitazamane sawasawa. Zikipishana hata milimita chache, umeme unaofika unapungua na ule unaopotea unageuka joto.

Sasa tupige hesabu. Simu yenye betri ya 5000 mAh hubeba takriban wati 19 kwa saa moja. Tuseme dereva wa teksi anatoka Utawala saa saba mchana, betri ikiwa asilimia 30. Ramani imewashwa, mwangaza wa skrini uko juu kabisa, data iko on. Matumizi hayo yanaweza kula wati 4 hivi. Holda ya kawaida ikimpa wati 5, anabaki na wati 1 tu ya faida. Baada ya saa moja atakuwa na asilimia 35. Lakini chaji ikikatika, hizo wati 4 zinatoka kwenye betri yenyewe, na saa hiyo hiyo inamwacha na asilimia 9. Ndiyo maana kukatika kidogo tu kunauma.

Utajuaje kilichokatiza? Gusa simu. Ukiisukuma kidogo na chaji irudi papo hapo, basi ilikuwa imehama. Dalili nyingine ni ule mlio wa kuchaji unaojirudia kila mkipita tuta. Lakini ukiisukuma na hakuna kitu, mgongo wa simu unachoma na skrini imejififiza yenyewe, hilo ni joto. Simu imekataa chaji makusudi ili kulinda betri. Kwenye iPhone utaona maandishi "Charging On Hold", na chaji hurudi simu ikipoa.

Tuanze na mashimo. Holda zenye mikono miwili ya kubana huwa na kikanyagio kidogo chini. Watu hukiacha kilivyotoka dukani, kumbe kinafaa kupandishwa au kushushwa hadi koili zikutane. Kisogeze kidogo kidogo ukiangalia chaji inaposhika, kisha kikaze. Epuka zile zenye shingo ndefu, kwa sababu kila shimo huzifanya zicheze kama mti kwenye upepo. Kama simu yako ni iPhone 12 au mpya zaidi yenye sumaku ndani, chukua holda ya sumaku, maana pete ya sumaku ndani ya simu huivuta hadi mahali pake. Holda yenye nembo ya Qi2 hutumia mbinu hiyo hiyo. Android inayochaji bila waya lakini haina sumaku inahitaji kava yenye pete ya sumaku. Usibandike kile kibati cha chuma katikati ya mgongo, kwa kuwa kinaziba koili na kinapata moto balaa.

Joto nalo lina chanzo tatu kwa pamoja: jua, chaji na ramani. Apple wanasema iPhone itumike kwenye nyuzi joto 0 hadi 35, ilhali dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huweza kupita 60. Kwa hivyo kuibandika kwenye kioo cha mbele ni kuikaanga. Iweke kwenye tundu la AC ili upepo baridi uipige mgongoni, ila asubuhi ya baridi ukiwasha hita, funga tundu hilo. Vua kava nene, punguza mwangaza, na ukiegesha toka na simu yako.

Jua likizidi kabisa, tumia waya. Waya haujali simu imekaa vipi, na hupoteza umeme kidogo zaidi.

Na kabla utoe chapaa yoyote, hakikisha kwanza kama simu yako inachaji bila waya. Simu nyingi za bei nafuu hazina koili, na hapo hata holda ya bei ghali itakushikia simu tu.