Meja na Maina kwenye Uzi Mmoja wa Gitaa

Wimbo wa taifa wa Tanzania na ule wa Kenya ni maombi yote miwili. Kila mmoja unamwita Mungu, kila mmoja huimbwa taratibu, watu wakiwa wamesimama wima. Hata hivyo mtu akikupigia muziki wake mtupu, bila neno hata moja, utahisi mara moja kwamba hizi ni hali mbili tofauti. Wa Tanzania, uliotokana na utunzi wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini wa mwaka 1897, umesimama juu ya skeli ya meja. Wa Kenya, ambao muziki wake ulitoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, umesimama juu ya maina.

Wengi wetu tumeambiwa kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, tukaishia hapo. Maelezo hayo hayamsaidii anayeanza. Wimbo wa Kenya si wa huzuni, ni wa uzito na unyenyekevu. Tena zipo nyimbo nyingi za msiba zilizotungwa kwa meja, na nyimbo nyingi za kucheza zilizotungwa kwa maina. Kinachozitenganisha skeli hizi mbili ni kitu unachoweza kukihesabu kwa kidole: umbali kati ya noti moja na inayofuata. Ukiujua mpangilio wa umbali huo, unaweza kuijenga skeli yoyote ya meja au maina, kuanzia noti yoyote, bila kukariri chochote kingine.

Tuchukue gitaa, na tutumie uzi mmoja tu. Uwe uzi wa A, yaani wa pili ukihesabu kutoka ule mnene kuliko wote. Upige ukiwa wazi, bila kuubana. Sasa ubane kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa) kisha upige tena. Umepata A nyingine, nyembamba zaidi, lakini sikio linaitambua kuwa ni ileile. Sababu ni kwamba freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi, na uzi uliokatwa nusu hutikisika mara mbili zaidi kwa sekunde. Uzi huo ukiwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, na kwenye freti ya 12 mara 220. Umbali huu, kutoka A hadi A inayofuata, huitwa okteva.

Kati ya noti hizo mbili pana hatua 12 ndogo, freti moja kwa kila hatua. Hatua moja kama hiyo ni nusu toni. Freti mbili kwa pamoja ni toni nzima. Kwenye kinanda ni hivyohivyo: kutoka kitufe kimoja hadi kile kinachokigusa, kiwe cheupe au cheusi, ni nusu toni. Kwa kuhesabu meja na maina huhitaji kipimo kingine zaidi ya hivi viwili.

Skeli hazitumii noti zote hizo 12. Huchagua saba, halafu hurudi nyumbani kwenye ya nane, ambayo ni ile ya kwanza ikiwa juu zaidi. Meja huchagua hivi: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Ukitaka kwa tarakimu za freti, ruka 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Jumlisha, utapata 12, na jumla hiyo ndiyo ukaguzi wako wa kwanza. Ikitoka 11 au 13, kuna hatua uliyokosea.

Kwenye uzi wetu, basi, anza na uzi wazi, kisha freti ya 2, ya 4, ya 5, ya 7, ya 9, ya 11 na ya 12. Piga polepole huku ukiimba do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Aliyewahi kuimba kwaya ataitambua papo hapo. Sikiliza hasa sehemu mbili zilizobanana, mi kwenda fa na ti kwenda do. Ya pili ndiyo inayoipa meja nguvu yake: ti iko freti moja tu chini ya nyumbani, na sikio linataka ipande. Piga skeli nzima usimame kwenye freti ya 11 bila kumaliza, utaona jinsi inavyokera.

Sasa rudi kwenye uzi wazi uleule ucheze maina asilia. Mpangilio wake ni toni, nusu, toni, toni, nusu, toni, toni; kwa freti ni 2, 1, 2, 2, 1, 2, 2. Yaani uzi wazi, freti ya 2, ya 3, ya 5, ya 7, ya 8, ya 10 na ya 12. Jumla ni 12 tena.

Ziweke safari hizo mbili pamoja uone kilichobadilika. Noti ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano hazikusogea hata kidogo. Zilizosogea ni tatu, na zote zimeshuka kwa freti moja: noti ya tatu imetoka freti ya 4 kuja ya 3, ya sita imetoka ya 9 kuja ya 8, na ya saba imetoka ya 11 kuja ya 10. Katika hizo, noti ya tatu ndiyo yenye kauli kubwa zaidi. Piga uzi wazi ikifuatiwa na freti ya 4, kisha uzi wazi ikifuatiwa na freti ya 3. Freti moja tu imepungua, na hali yote ya muziki imegeuka. Ndiyo maana mwanzo wa wimbo mara nyingi unatosha kumjulisha mpiga gitaa yuko upande gani. Anaitafuta hiyo noti ya tatu, na akiipata amepata jibu.

Kwenye kinanda kuna jambo linalowapotosha wanaoanza. Wanaona vitufe vyeupe vimepangwa sawasawa, wanadhani umbali kati yake ni sawa. Sivyo. Kati ya vitufe vyeupe vingi kuna cheusi katikati, kwa hiyo umbali ni toni nzima. Lakini kati ya E na F hakuna cheusi, na kati ya B na C hakuna pia. Hapo ni nusu toni. Kwa sababu nusu hizo mbili ziko pale zilipo, ukianzia C ukapanda kwa vyeupe vitupu hadi C, mpangilio wa meja unajitokeza wenyewe. Ukianzia A ukapanda kwa vyeupe vilevile, unajitokeza wa maina asilia.

Ukianzia kwingine, vyeupe vitupu havitoshi tena. Tuseme mwalimu wa kwaya ameandika juu ya karatasi kwamba Do ni G. Anza G na ufuate hesabu ya meja. Toni nzima inakupeleka A, toni nzima nyingine B. Sasa inatakiwa nusu: B kwenda C, na hapo hakuna cheusi, kwa hiyo ni sawa. Kisha toni hadi D, toni hadi E. Imebaki toni moja na nusu moja. Kutoka E, kitufe cheupe kinachofuata ni F, lakini hiyo ni nusu toni tu, nasi tunadaiwa toni nzima. Lazima tuende mbele kitufe kimoja zaidi, kwenye kile cheusi kilicho kati ya F na G. Kutoka hapo hadi G ni nusu, na hesabu imefunga.

Cheusi hicho kina majina mawili: F shapu, yaani F iliyopandishwa, au G flati, yaani G iliyoshushwa. Hapa tunakiita F shapu, kwa kuwa kila herufi hupewa nafasi moja katika skeli. G tayari tunayo, F bado hatujaitumia. Anayesahau shapu hiyo akapiga F nyeupe hatasikia kosa lolote hadi anapokaribia kumaliza. Noti ya saba itakuwa toni nzima chini ya nyumbani, na ule mvuto wa ti kwenda do utakosekana. Ukisikia skeli yako ya meja inafika juu ikiwa imelegea, kagua hapo kwanza.

Kosa jingine linalowasumbua wengi ni kuihesabu noti ya kuanzia. Mtu ameambiwa aruke freti mbili kutoka ya 5, anahesabu ya 5 kuwa moja, ya 6 kuwa mbili, anasimama. Amekwenda nusu toni badala ya toni. Hesabu miruko, usihesabu mahali uliposimama.

Wanaosoma nota za tonika solfa wana njia fupi ya kuifikia maina. Hawabadilishi majina, wanabadilisha nyumbani. Imba la, ti, do, re, mi, fa, so, la, ukiichukulia la kuwa ndiyo noti ya kuanzia na kupumzikia. Hesabu umbali na utakuta 2, 1, 2, 2, 1, 2, 2, maina asilia kamili. Ndiyo sababu skeli ya C meja na ya A maina zina noti zilezile saba. Tofauti iko kwenye noti ambayo wimbo unaichukulia kuwa makao yake, na kwa kawaida utaitambua kwa kusikiliza mahali wimbo unapotua mwishoni.

Neno asilia lina kazi yake. Ukiimba nyimbo za maina za kwaya utakutana mara kwa mara na so iliyopandishwa nusu toni, inayoandikwa se. Watunzi huipandisha ili iwe nusu toni tu chini ya la, wapate ule mvuto wa kurudi nyumbani ambao meja inao na maina asilia haina. Ukiikuta, ujue wimbo umeondoka kwenye maina asilia kwa kitambo. Na ukisikiliza taarabu inayofuata maqamu za Kiarabu kama Rast au Bayati, utasikia noti zinazoangukia kati ya freti na freti. Fidla na udi, ambazo hazina freti, zinaweza kuzitoa noti hizo. Shingo ya gitaa yenye hatua zake 12 haina mahali pa kuziweka.