Ahadi ya Siku 14

Tuseme kuna mama anauza vifaranga Morogoro. Ana duka la chakula cha kuku, ana wateja, na kwenye ukurasa wake wa mtandaoni ameweka kisanduku: andika baruapepe yako upate bure mwongozo wa ufugaji. Ameuandika mwenyewe kwa miezi mitatu, kurasa 48, na humo kuna kila kitu kuanzia kujenga banda mpaka kutafuta soko la mayai. Kichwa chake ni "Mwongozo Kamili wa Ufugaji Bora wa Kuku wa Kisasa". Watu wanaufungua ukurasa, wanasoma kichwa, wanaondoka. Wachache waliojisajili hawajawahi kumjibu barua hata moja.

Nimesahihisha miongozo mingi ya aina hii, ya mafundi cherehani, ya walimu wa hesabu, ya wauza mbegu, na karibu yote hufika mezani kwangu ikiwa na neno "kamili" juu. Mwenye kazi huona neno hilo ni ukarimu. Msomaji akiliona hujua kwamba ana kurasa nyingi za kuvuka kabla ya kufika kwenye shida yake, na shida yake hata haijatajwa. "Bora" na "kisasa" nazo ni za bure. Hakuna anayeandika mwongozo wa ufugaji mbovu wa kizamani.

Njia ninayotumia kupima kichwa ni ya kimahakama kidogo. Nauliza: msomaji akishamaliza, anaweza kurudi kwa mwandishi na kumwambia "umenidanganya"? Kwa kichwa cha mama huyu hawezi. Ufugaji bora ni upi? Umekamilika lini? Ahadi isiyoweza kuvunjwa haimvuti mtu, kwa sababu hata yeye anahisi kwamba hajaahidiwa chochote. Na kutoa baruapepe si jambo dogo. Ni kumfungulia mgeni mlango, na watu wameshachoka na wageni.

Basi kichwa kinachopimika hutoka wapi? Watu wengi hukaa na kalamu wakitafuta maneno makali. Mimi humwomba mwenye biashara anifungulie simu yake. Wateja wa mama vifaranga humpigia lini, na husema nini? Humpigia usiku, siku ya pili au ya tatu baada ya kuchukua boksi. "Mama, vifaranga wamejirundika pembeni wanalia." "Mama, wamekufa wanne tangu jana, niwape dawa gani?" Hakuna anayepiga saa nne usiku kuuliza soko la mayai. Na majibu yake anayajua kwa moyo: shusha taa kidogo, ziba upepo unaoingia chini ya mlango, badilisha maranda yaliyolowa, dawa acha kwanza.

Mwongozo wake halisi umo ndani ya simu hizo. Mambo yanayowaponza wanaoanza hukusanyika katika wiki mbili za kwanza. Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto; anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi wiki ya kwanza, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Chanjo ya kwanza ya kideri, kwa ratiba inayofuatwa na wengi, ni siku ya 7, na ya gamboro siku ya 14. Ukichora mstari kuanzia siku boksi linapofika nyumbani hadi siku ya chanjo ya pili, unapata siku 14 kamili. Namba hiyo imetoka ndani ya kazi yenyewe, na ndiyo maana inakaa vizuri kwenye kichwa.

Nalisema hili kwa sababu namba za kubandika zimejaa kila mahali: siri 7, mbinu 21, makosa 10. Mwandishi alikuwa na mambo matano akayavuta yafike saba. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, alitenga sura nzima ya kitabu chake cha mwaka 1923 kueleza kwamba msomaji huyapuuza majigambo ya jumla, lakini akikutana na kipimo halisi hudhani kuna mtu alikaa akapima. Karne moja imepita na bado ni hivyo. Ila heshima hiyo hudumu pale tu mtu anapokuwa amepima kweli.

Turudi kwenye kichwa. Jaribio la kwanza la mama ni "Jinsi ya Kulea Vifaranga". Ni fupi, linaeleweka, lakini bado halimchagui mtu. Jaribio la pili lina moto: "Vifaranga Wako Hawatakufa Tena!" Hapa inabidi kusimama. Ahadi hii inapimika, tena vizuri mno, na itavunjika wiki ya kwanza tu, kwa sababu baadhi ya vifaranga hutoka kiwandani wakiwa dhaifu na hakuna karatasi itakayowaokoa. Vivyo hivyo "pata faida ya milioni mbili", wakati bei ya chakula cha kuku haiko mkononi mwa mwandishi wala mwa msomaji. Mwongozo uahidi kile utakachokifanya ukiwa mikononi mwa mtu. Yatakayofuata baada ya hapo yana wenyewe.

Jaribio la tatu: "Vifaranga 100, Siku 14 za Kwanza: Joto, Maji na Chanjo, Siku kwa Siku". Mia moja kwa sababu boksi la vifaranga kwa kawaida huwa na mia, na kwa idadi hiyo anaweza kutaja ukubwa wa duara la kulelea, idadi ya vyombo vya maji na aina ya taa bila kuandika "inategemea" kila mstari. Mwenye kuku 2,000 wa mayai atakisoma kichwa hiki na kupita. Mama anaumia kidogo hapo, lakini mwenye kuku 2,000 hakuwa anapiga simu usiku. Siku ya 15 mfugaji anaweza kukaa na mwongozo na kuuliza: nilionyeshwa joto kwa kila siku? Nilijua siku ya chanjo kabla haijafika? Majibu ni ndiyo au hapana.

Gharama ya kichwa hiki ni mkasi. Kati ya kurasa 48 zinabaki 9. Hapa ndipo wengi hukwama, wakabadilisha kichwa na kuacha mwili ulivyokuwa, kisha msomaji aliyekuja kutafuta joto la usiku wa leo anakutana na sura ya historia ya kuku duniani. Ukikikaza kichwa bila kukata ndani, umetengeneza uongo mpya mahali pa ukungu wa zamani.

Utangulizi sasa. Ule wa kwanza ulianza hivi: "Ufugaji wa kuku ni shughuli muhimu inayochangia kipato cha kaya na uchumi wa taifa kwa ujumla." Tulifundishwa shuleni kuanza insha namna hii, tukaambiwa ni ustaarabu. Mtu aliyeshika boksi la vifaranga wanaolia hahitaji kuambiwa kwamba ufugaji ni muhimu, ameshalipa. Ajabu ni kwamba katika rasimu nyingi utangulizi wa kweli huwa umeshaandikwa, umejificha aya ya tatu au ya nne, pale mwandishi alipochoka kusalimia akaanza kusema. Futa yaliyo juu yake uone kama kuna kitu umekosa.

Wa mama vifaranga, baada ya kukatwa, unasomeka hivi:

"Umepokea boksi la vifaranga 100 leo, au utalipokea wiki hii. Usiku wa kwanza, jambo la kuogopa kuliko yote ni baridi. Kurasa hizi 9 zinakuonyesha, kila siku mpaka ya 14, joto liwe kiasi gani, utajuaje limezidi au limepungua kama huna kipimajoto, maji ubadilishe lini, na chanjo gani utoe siku ya 7 na siku ya 14. Banda la kutagia, soko na mtaji havimo humu. Kama vifaranga wameshafika, nenda ukurasa wa 3 sasa hivi."

Sentensi ya kwanza inamweka msomaji mahali alipo kweli. Ya tatu inarudia ahadi ya kichwa kwa urefu, na inaongeza jambo ambalo kichwa hakikuwa na nafasi nalo: huna kipimajoto, na bado utaweza. Ukurasa wa 3 unalilipa deni hilo papo hapo. Vifaranga wakirundikana chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikaa mbali nayo, midomo wazi na mabawa yameshuka, wameungua. Wakibanana upande mmoja wote, kuna upepo unaingia. Wakitawanyika, wengine wakila, wengine wamelala kimya, waache. Na ile sentensi ya yasiyokuwemo, ambayo mama alitaka kuifuta kwa aibu, ndiyo inayofanya zile nyingine ziaminike.

Chini ya kisanduku cha kujisajili kuna mstari mmoja zaidi, na huo pia ni ahadi: utapokea nini baada ya faili hili, na mara ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inataka mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa kazi gani. Andika tu: "Utapata mwongozo mara moja, kisha barua moja kila Jumatatu kuhusu malezi ya kuku. Unaweza kujiondoa wakati wowote."

Utajuaje kosa liko kichwani au utangulizini? Watu wakifika ukurasani na kuondoka bila kujisajili, anza na kichwa. Wakijisajili, wakapakua, kisha kimya, shaka iende kwenye utangulizi. Lakini faili la PDF halikuambii mtu alisoma mpaka wapi, kwa hiyo inabidi uulize. Siku mbili baadaye tuma barua ya sentensi moja: "Vifaranga wako wamekaaje usiku huu, wamerundikana au wametawanyika?" Aliyefika ukurasa wa 3 atajibu kwa neno moja. Ambaye hakufika hataelewa swali.

Ukitaka kulinganisha vichwa viwili, usiharakishe kumtangaza mshindi. Tuseme kila kimoja kimeonwa na watu 200, kimoja kimeleta 12 na kingine 15. Hiyo si tofauti. Wiki ijayo inaweza kugeuka. Kingekuwa 12 kwa 31, hapo kuna neno. Duka dogo huchukua wiki nyingi kufikia idadi hizo, na kwa muda huo simu za wateja zitamfundisha mama zaidi kuliko hesabu.

Kuna faida moja ambayo hakuitarajia. Kwa kuwa ahadi sasa ina siku, fomu inaweza kuuliza swali la pili kando ya baruapepe: vifaranga wanafika lini? Mfugaji hulijibu bila kinyongo, maana anaona linahusu nini. Barua ya kukumbusha chanjo inamfikia siku ya 6. Na siku ya 15 inakuja nyingine, ina swali moja tu: kati ya wale 100, wamebaki wangapi, na sasa unahangaika na nini? Majibu ya swali hilo mama anayanakili neno kwa neno, kwenye faili moja na zile kurasa 39 alizozikata.